Kumpata mwenye maamuzi LinkedIn: anza na kampuni, cheo kifuate, halafu ndo uchague wa kumwandikia

"Habari mtaalamu. Tuko watatu, tumetengeneza mfumo wa kusimamia mali ghalani, tunauzia viwanda na wasambazaji wa saizi ya kati. Natumia LinkedIn ya bure. Nikiandika manager kwenye kisanduku cha kutafuta napata maelfu ya watu, nikiongeza warehouse nakuta wauza rafu, washauri na watu walioacha kazi hiyo zamani. Sasa hivi nawaandikia wakurugenzi wakuu tu maana nadhani wao ndo wanaamua, na wako kimya. Je, nilipie Sales Navigator? Na kampuni ikiwa na mameneja watano, nianze na nani?"

Habari nzuri ndugu yangu. Usilipie kwanza, subiri tufike huko mbele maana kuna wakati kulipia kunafaa ila wako bado. Shida yako haiko kwenye akaunti ya bure, iko kwenye mpangilio, yaani unatafuta watu kabla hujajua unawataka wa kampuni zipi, na unatafuta kwa kutumia kisanduku cha juu ambacho hakikufanyii uchujaji wowote wa maana.

Kile kisanduku cha juu kinasoma profaili nzima ya mtu. Kinasoma kichwa cha habari chini ya jina lake, maelezo yake binafsi, kazi alizonazo, kazi alizoacha, mpaka ujuzi alioorodhesha. Kwa hiyo ukiandika warehouse unaletewa kila mtu ambaye neno hilo limo popote kwenye maandishi yake: aliyekuwa karani wa ghala enzi hizo na leo ni mwalimu, anayeuza rafu na ameandika "nawasaidia mameneja wa maghala", mshauri, mwanafunzi aliyefanya mazoezi ya kazi, na mshindani wako pia. Mashine haijakosea hapo, imekupa ulichoomba. Na kumbuka wauzaji ndo huwa wanajaza maneno mengi kwenye profaili zao ili waonekane, wakati meneja halisi wa ghala mara nyingi ameandika cheo na jina la kampuni basi, hana habari na mambo ya kujaza. Kwa hiyo kisanduku cha juu kinawapendelea wasiofaa kwako.

Cha kwanza, tafuta kampuni. Andika neno la sekta, bonyeza enta, halafu chagua Companies juu ya matokeo. Hapo hata kwenye akaunti ya bure utaona filta za Locations, Industry na Company size. Hiyo ya tatu ndo unayoihitaji, na ukiangalia kwenye utafutaji wa watu wa bure haipo kabisa, ndo maana nakuambia uanzie huku. Saizi zimegawanywa kwa makundi, 11-50, 51-200, 201-500, 501-1000 na kuendelea. Kwa bidhaa yako mi ningechukua 51-200 na 201-500. Chini ya hapo mali ghalani mara nyingi bado inahesabika kwa daftari na macho ya mwenye mali, na juu ya hapo unakuta tayari wana mfumo mkubwa unaoshika kila kitu, mpaka uje kuung'oa umezeeka.

Ila usiiamini hiyo saizi kwa asilimia mia. Kundi hilo kampuni yenyewe ndo imelichagua wakati wa kufungua ukurasa, na wengine hawajawahi kurudi kulibadilisha. Ukifungua ukurasa wa kampuni, sehemu ya About, utaona saizi waliyoitaja na pembeni yake idadi ya watu walio LinkedIn ambao wamejihusisha na kampuni hiyo. Viwandani tofauti ya hizo namba mbili huwa kubwa, unaweza kukuta wameandika 201-500 na walioko mtandaoni ni 38 tu, kwa sababu wafanyakazi wa mashine na wabeba mizigo hawana shughuli na LinkedIn. Hiyo si mbaya kwako. Hao 38 karibu wote watakuwa watu wa ofisini, na humo ndo alimo unayemtafuta.

Kwa nini saizi inanishughulisha hivi? Kwa sababu cheo kilekile kina nguvu tofauti kulingana na ukubwa wa kampuni. Kampuni ya watu 30, mkurugenzi mkuu ndiye anayenunua hadi karatasi za printa, mwandikie yeye moja kwa moja. Kampuni ya watu 150 kawaida kuna meneja mkuu au mkuu wa operesheni ambaye ana bajeti yake na anaweza kuamua akishakubaliana na mtu wa fedha. Ikifika watu 400 utakuta idara ya ugavi imejitenga ina mkuu wake, na mkurugenzi mkuu akipata meseji yako kuhusu mfumo wa ghala ataisoma kama barua iliyokosea mlango. Ndo kimya unachokiona. Yeye kwake jambo la ghala linafika likiwa limeshapikwa: kuna ombi, kuna bei, kuna mapendekezo ya idara, kazi yake ni kukubali au kukataa. Wewe unampelekea unga ambao haujakandwa.

Haya, chagua kampuni kama ishirini hivi za mwanzo, usizidishe. Sasa ndo uende kwa watu. Njia nyepesi ni kufungua ukurasa wa kampuni moja na kubonyeza People, hapo kuna kisanduku cha kutafuta wafanyakazi kwa cheo au neno, na chini yake kuna vimichoro vinavyoonyesha wanaishi wapi na wanafanya kazi za aina gani. Kampuni yenye watu 38 unawamaliza kuwapitia wote kabla chai haijapoa, na hutaki fomula yoyote.

Fomula inakuja ukitaka kupitia kampuni nyingi kwa mkupuo. Unaingia kwenye utafutaji wa watu, unafungua All filters, kwenye Current company unaongeza kampuni zako moja moja, kisha unashuka mpaka chini kwenye sehemu ya maneno ambapo kuna visanduku vya First name, Last name, Title, Company na School. Andika kwenye Title, kile cha juu kiache wazi kabisa. Hapo utafutaji unaangalia cheo, hausomi hadithi nzima ya maisha ya mtu. Kwa kazi yako ningeanza na hii:

```
("supply chain" OR logistics OR warehouse) AND (manager OR head OR director) NOT (assistant OR intern OR sales)
```

Halafu kivyake, si pamoja na ile:

```
"operations manager" OR "head of operations" OR "operations director" OR COO OR "general manager"
```

Alama za nukuu zinashikanisha maneno, bila hizo supply chain inakuwa maneno mawili yanayoweza kukaa mbalimbali. AND, OR na NOT ziandike kwa herufi kubwa, ukiandika ndogo zinachukuliwa kama maneno ya kawaida. Na mabano usiyadharau. LinkedIn inashughulikia NOT kwanza, halafu AND, OR ndo ya mwisho, kwa hiyo ukiandika

```
warehouse OR logistics AND manager
```

bila mabano, yenyewe inaelewa hivi: niletee yeyote mwenye warehouse, au aliye na logistics na manager kwa pamoja. Yule wa warehouse halazimiki kuwa meneja, ndo unaletewa makarani na madereva wa folklifti halafu unasema mtandao mbovu. Kingine kinachowaumiza wengi bila kujua ni zile nukuu zilizopinda. Ukiandaa fomula yako kwenye Word au kwenye noti za simu, nukuu zinabadilika zenyewe zinakuwa za kupinda na LinkedIn haizitambui, zinatakiwa zile zilizonyooka. Ukibandika fomula na ukapata matokeo ya ajabu, angalia nukuu kabla hujagusa kitu kingine. Na nyota ya kumalizia neno, mfano manag*, haifanyi kazi huku, kwa hiyo kila umbo la neno uliandike lenyewe.

Kuna jambo la filta zenyewe nalo ulijue. Ukichagua vitu viwili ndani ya filta moja, mfano kampuni mbili, inachukua yoyote kati ya hizo. Lakini filta moja na nyingine lazima zikubali zote kwa pamoja. Kila filta unayoongeza inakata watu, na inakata hata wale wazuri ambao hawakujaza sehemu hiyo ya profaili. Mtu anaweka kampuni, cheo, sekta, mahali na lugha ya profaili, anapata watu watatu anadhani soko limekwisha. Ukishataja kampuni kwa jina, filta ya sekta haina kazi tena, itoe.

Utajuaje fomula yako ni nzuri? Chukua watu watatu wanne ambao unajua kwa hakika wana cheo unachokilenga, wateja wako wa sasa kwa mfano, weka kampuni zao kwenye Current company na uone kama fomula inawaleta. Akikosekana mmoja fungua profaili yake usome ameandikaje cheo chake. Utakuta kaandika materials manager, au stores and procurement, au inventory controller, au kaandika kwa lugha nyingine kabisa. Ongeza hilo neno kwenye fomula. Hiki ni kipimo bora kuliko orodha yoyote ya vyeo utakayopewa na mtu, pamoja na hizi nilizokupa mimi, kwa sababu kinatoka kwa watu wanaonunua kitu chako kweli.

NOT nayo itumie kwa woga kidogo. Nimeweka sales pale kuwaondoa wauzaji wa huduma za usafirishaji, lakini itamwondoa pia mkuu wa mauzo na ugavi kwenye kampuni inayounganisha hizo kazi mbili. Kwa hiyo fanya kwanza bila NOT, angalia takataka zilizoingia, halafu ondoa neno moja moja ukiona kweli linasumbua.

Ukishapata majina usiyaamini haraka. Profaili ya LinkedIn ni mtu kajiandikia mwenyewe, na akihama kazi anaweza kukaa mwaka mzima bila kubadilisha. Angalia kama ana shughuli zozote za karibuni zinazotaja kampuni hiyo, angalia kama kuna mtu mwingine kwenye kampuni ileile ana cheo kilekile na kaanza juzi, hapo wa zamani keshaondoka. Angalia pia kama ana kazi mbili zilizoandikwa Present, maana wengine wana biashara zao pembeni na wamejipa ukurugenzi huko, filta inakuletea ukurugenzi wa biashara yake ya nyumbani wakati kule kiwandani ni afisa tu. Na majina ya vyeo yenyewe yanadanganya, kwenye mabenki Vice President anaweza kuwa ni daraja la katikati tu na wako wengi, kwenye kampuni ya watu 12 Director ni mmoja wa wenye mali.

Sasa swali lako la mameneja watano, tulifanyie kazi na kampuni moja ya mfano. Tuseme ni msambazaji wa vifaa vya ujenzi, kundi la 201-500, ana maghala matatu. Umefungua People ukapata hawa: mkuu wa operesheni, yupo kwenye nafasi hiyo miaka saba. Mkuu wa ugavi, ana miezi minne, katoka kampuni nyingine kubwa zaidi. Meneja wa ghala kuu, miaka sita, alianzia ukarani hapohapo akapanda. Mkuu wa fedha, miaka mitatu. Meneja wa TEHAMA, miaka miwili.

Kabla ya kugusa yeyote, fungua Jobs kwenye ukurasa wa kampuni hiyo, au tovuti yao sehemu ya nafasi za kazi. Watu wengi wanaruka hapa, na mi kila anayeniuliza humsihi asiruke. Tuseme ukakuta wanatafuta mdhibiti wa mali ghalani. Ndani ya tangazo imeandikwa nafasi hii inaripoti kwa mkuu wa ugavi, na kati ya majukumu kuna kulinganisha hesabu ya mali kila mwisho wa mwezi kwa kutumia Excel, na kufuatilia tofauti kati ya maghala matatu. Umeona umepewa nini? Umejua ghala liko chini ya ugavi na si chini ya operesheni. Umejua hawana mfumo, au wana mfumo usiowatosha mpaka wanarudi Excel. Umejua kwamba tofauti za hesabu zinawauma kiasi cha kuajiri mtu wa kuzifuatilia. Na mshahara wa huyo mtu ni pesa ambayo tayari wamekubali kuitumia kwa tatizo lilelile unalolitatua wewe.

Kwa hiyo wa kwanza ni mkuu wa ugavi. Sababu ya kwanza tatizo liko mezani kwake kwa mujibu wa tangazo lao wenyewe. Ya pili ana miezi minne, bado anaonyesha kwa nini aliajiriwa, hajawa na mfumo wa zamani alioupigania ambao kuubadilisha ni kujikosoa, na alikotoka pengine alikuwa na mfumo mzuri anaukumbuka. Mwenye miezi minne ni tofauti na mwenye wiki mbili pia, wa wiki mbili hajui hata choo kiko wapi, mwache atulie. Mi huwa napenda kati ya miezi mitatu na mwaka hivi.

Mkuu wa operesheni mwenye miaka saba kwa nini asiwe wa kwanza wakati ni mkubwa kuliko wote? Kwa sababu utaratibu wa sasa ni wake. Ukimwandikia kuhusu upotevu wa mali anaweza kuona unamnyooshea kidole. Na akipenda pia atampa mkuu wa ugavi kama agizo, shughulikia hawa watu, na anayeagizwa hupokea kitu kwa moyo tofauti na aliyekitafuta mwenyewe. Akifika kwake kupitia kwa mkuu wa ugavi inakuwa ni pendekezo la ndani.

Meneja wa ghala yeye ana uzito wa aina nyingine. Hasaini chochote lakini anaweza kuua mfumo wako kimyakimya, akisema vijana hawawezi kuutumia imeisha hiyo. Na mfumo unaoonyesha mali imepungua wapi na lini unamgusa yeye kwanza, hata kama ni mwaminifu kabisa lazima apate wasiwasi. Kwa hiyo usimwandikie kumuuzia. Mwandikie baada ya kuongea na mkuu wa ugavi na kwa ruhusa yake, umuulize kazi inakwendaje, kuhesabu mali yote kunachukua siku ngapi, wanakwama wapi. Mtu wa fedha ni wa pili kwenye orodha yako, wa kumgeukia mkuu wa ugavi akikaa kimya, kwa sababu tofauti za hesabu za ghala zinaishia kwenye vitabu vyake na mkaguzi anamuuliza yeye. TEHAMA ni wa mwisho, ila ukisikia mazungumzo yamekuwa ya kweli mwambie mkuu wa ugavi amwite mapema, maana akiletewa siku ya kusaini atakuwa na maswali ya usalama wa data ya kuchelewesha mambo miezi.

Kuna kitu kimoja kinaweza kupindua mpangilio huu wote, nacho ni kufahamiana. Kwenye matokeo utaona 1st, 2nd, 3rd+, yaani mmeunganishwa moja kwa moja, mnaunganishwa na mtu mmoja kati yenu, au yuko mbali zaidi ya hapo. Kama mkuu wa fedha ni 2nd na mtu kati yenu ni mteja wako anayekusifia, na mkuu wa ugavi ni 3rd+ humjui yeyote wa kukufikisha, anza na wa fedha kupitia huyo mteja. Ila hakikisha wanajuana kweli, LinkedIn watu wana marafiki mia tano wasiowajua hata sura. Muulize mteja wako kwa simu, huyu unamfahamu vipi, akisita achana nayo.

Waandikie mmoja kwa wakati. Ukiwatumia wote watano siku moja meseji inayofanana, watakaa chumba kimoja cha mkutano mmoja aonyeshe simu yake na wengine waseme hata mimi nimetumiwa, hapo umeshakuwa usumbufu na hakuna atakayejiona anahusika. Mpe mtu kama wiki ya kazi, mkumbushe mara moja, kisha nenda kwa wa pili.

Meseji yenyewe iwe fupi, na noti ya mwaliko kwenye akaunti ya bure ina herufi chache na idadi yake kwa mwezi ina kikomo, kwa hiyo zitunze kwa wale wa kwanza tu. Kwa huyu wetu ningeandika: "Habari, nimeona mnatafuta mdhibiti wa mali kwa maghala matatu. Tunafanya kazi na wasambazaji wenye shida ya hesabu kutofautiana kati ya maghala. Hili liko chini yako, au nimuulize nani?" Lile swali la mwisho ni la maana sana. Unampa njia ya kujibu hata kama si yeye, na akikutajia jina la mwingine umepata kitu ambacho filta yoyote haikupi. Ila usidanganye kwamba umetumwa na bosi wake, na usijifanye unaomba kazi ile.

Utajua umempata asiye sahihi kwa namna anavyojibu. Anayeamua anauliza mambo ya kutekeleza, inachukua muda gani, inaunganikaje na mfumo wa mauzo, nani mwingine anatumia. Asiyeamua anasema nzuri sana, nitumie maelezo, halafu kimya. Ukipata wa pili usimlaumu na usimruke kwa nyuma, muulize tu kwa heshima, jambo kama hili kwenu kawaida linapitia kwa nani. Na ukikuta kila kampuni unaambiwa makao makuu ndo yanaamua, basi una matawi ya kampuni za nje kwenye orodha yako, rudi kwenye About uangalie makao makuu yao yako wapi kabla ya kuendelea.

Sasa Sales Navigator. Inakupa ambavyo bure huna: ukubwa wa kampuni ndani ya utafutaji wa watu, ngazi ya cheo, idara, miaka aliyokaa kwenye nafasi, waliobadilisha kazi siku 90 zilizopita, walioandika kitu siku 30 zilizopita. Hizo mbili za mwisho pamoja na miaka kwenye nafasi ndo zenye thamani hasa, kwa sababu zinakufanyia ule uchaguzi wa mkuu wa ugavi mwenye miezi minne kwa kampuni mia kwa pamoja. Hata hivyo haikuambii ghala liko chini ya nani, na vyeo ni vilevile watu walivyojiandikia, na ngazi ya cheo mashine inakisia kutokana na hayohayo maandishi. Kwa watu watatu wenye kampuni ishirini, macho yenu yanatosha. Dalili ya kulipia ni mbili: umeshajua vyeo vinavyokujibu na unataka kampuni mia au zaidi, au unagonga kile kikomo cha utafutaji wa kibiashara kila mwezi. Akaunti ya bure ikiona unatafuta sana inakufungia matokeo hadi tarehe 1 ya mwezi unaofuata. Kutafuta mtu kwa jina lake hakuhesabiwi kwenye kikomo hicho, kwa hiyo majina yaandike pembeni mapema.

Ukifungiwa katikati ya mwezi, Google inaweza kukusaidia, andika hivi, na jina la kampuni halisi pale mwisho:

```
site:linkedin.com/in ("supply chain" OR warehouse) manager "jina la kampuni"
```

Itakuletea profaili zilizo wazi kwa umma tu, na nyingine ni za zamani, lakini jina ukishalipata unarudi kulitafuta LinkedIn. Zile programu za kuvuna majina na kutuma mialiko zenyewe usiziguse, zimekatazwa kwenye masharti ya LinkedIn na akaunti ikifungiwa inaondoka na miaka yako ya mawasiliano.

Mambo mawili usiyafanye mwenyewe mezani kwako. Kampuni ikiwa ni taasisi ya umma, au ikiwa imetangaza zabuni, acha kumwandikia meneja binafsi. Nenda kitengo cha manunuzi uulize kwa utaratibu wao, kwa sababu kuwasiliana pembeni na mtu wa idara wakati zabuni iko wazi kunaweza kukuondoa kwenye mashindano hata kama mfumo wako ndo bora. Na siku orodha yako ikihama kutoka majina ishirini kwenye daftari kuwa faili la mamia ya watu na barua pepe zao, kaa na mwanasheria anayejua sheria za data binafsi za huko unakouzia, akuambie unaruhusiwa kuhifadhi nini, kwa muda gani, na mtu akisema nifute unafanyaje. Nenda na faili lenyewe mkononi alione.